Mstari wa Mama Nuru

Mimi ni mwalimu, na ugonjwa wa walimu ni kutaka kila mtu ajaze karatasi yake. Naukiri mapema ili msije mkanishangaa mbele ya safari nikianza kumpigia kelele mwanamke mzima mwenye miaka arobaini na mbili.

Desemba ile shule zilikuwa zimefungwa. Bwana Fredi, afisa maendeleo wa kata yetu, alinikuta sokoni Nanyamba nabishana na muuza dagaa, akaniomba nimsaidie siku mbili. Alikuwa ameita kina mama ishirini waliotaka kuanzisha biashara, na baadhi yao walikuwa hawajashika kalamu tangu darasa la saba. Nikakubali kwa sababu mbili. Kwanza, nikikaa likizo nzima bila kumsahihisha mtu naumwa kichwa. Pili, jina la Mama Nuru lilikuwa kwenye orodha.

Mama Nuru jina lake Mwanaisha. Ni jirani yangu mwaka wa kumi na nne sasa, tangu nilipohamishiwa huku kutoka Mbeya nikiwa na begi moja na simjui mtu. Yeye ndiye aliyenifundisha kupika mihogo ya huku nisiiharibu, nami nikamfundisha binti yake Nuru kusoma, na Nuru sasa yuko chuo cha uuguzi. Ni mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana, mcheshi kupita kiasi. Vilevile ndiye golikipa wa timu ya kina mama wa kata. Kila Machi, Siku ya Wanawake, kina mama hucheza na walimu, na kila Machi mimi hupiga penalti na yeye huidaka. Miaka sita mfululizo. Nimejaribu kulia, nimejaribu kushoto, mwaka mmoja nilijaribu kumsalimia kwanza ili azubae. Aliitikia salamu vizuri kabisa na mpira akaudaka.

Lakini Desemba ile alikuwa amenyong'onyea. Kwa misimu minane alikuwa mbanguaji wa korosho, na anayejua ubanguaji anajua ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi. Mikono yake ilikuwa imechoka kubabuka. Daktari alimwambia aache, asiguse ganda tena, la sivyo vidonda havitapona. Akaacha. Mikono ikapona, ila sasa hakuwa na cha kufanya, na mume hakuwepo siku nyingi. Ndipo kaka yake Saidi, dereva wa lori wa Dar es Salaam, akapiga simu: anakuja Jumamosi kumchukua, akaishi kwake Mbagala, awaangalie wanawe. Chumba kimeshapakwa rangi.

"Kaka yangu mwema," aliniambia, tumekaa barazani kwake. "Hana neno baya. Lakini nikienda kule, mwalimu, nitakuwa mgeni mpaka nife. Kula nitakula cha watu, kulala nitalala kwa watu, hata nikicheka nitaangalia kwanza kama wenyewe wanacheka."

"Basi usiende."

"Nikae hapa nifanye nini?"

Mimi nisipokuwa na jibu huwa nakasirika. Nikamwambia Jumatatu aje kwa Bwana Fredi bila kuchelewa.

Walikuja wote ishirini, wakakaa kwenye mabenchi ya ofisi ya kata, na Bwana Fredi akawauliza kila mmoja anataka mradi gani. Wa kwanza akasema kuku wa kienyeji. Wa pili kuku wa kienyeji. Wa tatu akafikiri sana, akasema kuku, lakini wa mayai. Ilipofika zamu ya Mama Nuru alikuwa wa kumi na mbili wa kuku.

"Mama Nuru, unapenda kuku?" Bwana Fredi akamuuliza.

"Kumla, ndiyo."

Watu wakacheka. Bwana Fredi naye akacheka, halafu akatusimulia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kufuga kuku mia mbili kwao Iringa kwa kuwa jirani alikuwa anafuga. Ugonjwa wa mdondo ukapita, ukawafagia wote ndani ya wiki. Jirani alikuwa amesomea mifugo, alijua siku ya chanjo. Yeye alikuwa anajua kuchora ramani na kupiga gitaa.

"Kuku siyo wabaya," akasema. "Swali ni kwa nini wewe. Kwa nini wewe na siyo mwenzako aliyekaa hapo pembeni? Ukikosa jibu, hiyo biashara ni ya kila mtu, na atakayekuja na banda kubwa zaidi atakutoa. Leo hatuandiki mradi wowote. Leo tunaandika maisha yenu."

Akagawa karatasi kubwa za manila. Kila mtu achore mstari katikati, kutoka alipozaliwa mpaka leo. Juu ya mstari aandike kazi zote alizofanya. Chini aandike shida zilizompata. Pembeni, kwa kalamu ya rangi nyingine, aandike anayoyapenda, hata ya kipuuzi, kila jambo likae kwenye miaka yake. Alisema tukimaliza tutatafuta pale ambapo vitu vitatu vimesogeleana: jambo ulilojifunza kwa mikono yako, maumivu unayoyajua kwa sababu yalikupata, na kitu unachokifanya hata usipolipwa. Watu wengi wana kimoja kati ya hivyo. Wenye vyote vitatu mahali pamoja ni wachache, na pengine ni wewe peke yako.

Mimi nikapita kati ya mabenchi nikiwa na kalamu yangu nyekundu, nikiwa mtu wa furaha kabisa. Nikafika kwa Mama Nuru. Alikuwa amechora mstari mzuri, umenyooka kama amepimia rula, na juu yake, chini ya neno kazi, alikuwa ameandika neno moja.

Hakuna.

"Hakuna nini?" nikamuuliza.

"Hakuna kazi. Sijawahi kuajiriwa, mwalimu."

"Umebangua korosho misimu minane!"

"Ile si kazi. Kubangua tu."

"Na pale mjini Mtwara, kwa yule fundi wa yunifomu? Miaka mitatu!"

"Nilikuwa nashona tu. Fundi ndiye aliyekuwa kazini."

Hapo ndipo nilipompigia kelele. Nilisema mengi, na mengine hayakuwa ya lazima. Benchi zima likageuka kututazama. Halafu mama mmoja nyuma akafunika karatasi yake kwa khanga, na mwingine naye akafunika, na nilipokwenda kuzifunua nikakuta hakuna, hakuna, hakuna. Wanawake ishirini wamelima tangu wakiwa watoto, wamepalilia mikorosho, wamepika harusini, wamevua pweza Msimbati, na kwa hesabu yao kumi na saba hawakuwahi kufanya kazi hata siku moja. Nami nilipaswa kulijua hilo. Nimekaa huku miaka kumi na minne, kila siku nasikia mtu akiulizwa unafanya kazi anajibu hapana, nalima. Kazi kwa watu wa huku, na hata kwetu Mbeya tukiwa wakweli, ni ile yenye barua na muhuri.

Bwana Fredi hakunipigia kelele, ingawa nilistahili. Akaenda ubaoni, akafuta neno kazi alilokuwa ameliandika pale, akaandika: Mikono yangu imefanya nini?

Halafu kalamu zikaanza kukwaruza, na hazikuacha mpaka saa saba mchana. Wengine waliomba karatasi ya pili. Aliyekuwa wa kwanza kwa kuku alikumbuka kwamba kwa miaka tisa ndiye anayeitwa kuosha na kuvisha maharusi vijiji vitatu, na akaanza kujitazama kama mtu aliyekuta hazina mfukoni mwake mwenyewe. Nilifurahi mpaka nikajisikia aibu kwa kelele zangu.

Mstari wa Mama Nuru ulinipa shida ya miaka. Mimi nataka tarehe, yeye hana tarehe.

"Kwa fundi wa yunifomu ulikuwa mwaka gani?"

"Kabla sijaolewa."

"Kuolewa je?"

"Mwaka ule mvua ilipobeba choo cha shule."

Basi tukaandika hivyohivyo. Kabla ya choo kubebwa: kushona mjini. Baada ya choo: ndoa, na Kilambo, kule mto Ruvuma unapovukwa kwenda Msumbiji, alikokuwa akipika ugali na samaki kwa wasafiri. Chini ya mstari hapo akaandika "mume alivuka" na hakuandika alirudi, kwa kuwa hakurudi. Alinogewa ng'ambo, akaoa huko. Mwenyewe alipoandika alicheka. "Yule naye mkimbizi wa ugali wangu," akasema. Kisha Nuru akaota meno, mama na mtoto wakarudi Nanyamba. Mwaka wa maneno mengi ya bomba la gesi, ndipo alipoanza kubangua. Mwaka serikali ilipotuma wanajeshi kununua korosho, ndipo vidonda vilipozidi. Mwaka jana, daktari.

Pembeni, kwa kalamu ya kijani, hakuandika kitu.

"Na golikipa?" nikamuuliza kwa sauti ya chini, safari hii.

"Aa, mwalimu. Mchezo huo. Mama mzima naandika mpira mbele ya watu wa serikali?"

"Bwana Fredi amesema hata ya kipuuzi."

Akaandika kwa herufi ndogo kabisa: kudaka.

Siku ya pili, Jumanne, tulikaa na mstari ule tukiutafutia wazo, na mimi nikawa mwepesi kuliko wote. Nikasema ni rahisi, ashone yunifomu. Bwana Fredi akamwachia yeye ajibu.

"Kwa nini mimi?" Mama Nuru akajiuliza kwa sauti. "Mafundi hapa Nanyamba wapo saba. Wawili wanajua kuliko mimi. Hapana."

Nikasema basi mgahawa, kama Kilambo.

"Kila mwenye sufuria anaweza. Hapana."

Akaukataa ugolikipa kwa sababu hakuna wa kumlipa, akakataa kubangua kwa sababu ya daktari. Ikawa saa tano. Nikaona anaanza kukunja karatasi, polepole, na nikajua kichwani mwake anakunja nguo za Mbagala. Nilimpenda yule mwanamke, na mimi ni mtu wa kusema napenda mara moja kwa miaka kumi.

Bwana Fredi akasema, "Usikunje. Tuangalie pale vitu vilipobanana. Huu mwaka wa wanajeshi. Vidonda viko hapa, na kudaka kuko hapahapa pembeni yake. Ulidakaje na vidonda?"

"Nilishona glavu."

"Zipi?"

"Za kudakia. Mechi na walimu ilikuwa Jumapili na vidole vilikuwa vimebabuka vyote. Nikachukua suruali ya jinzi, nikakata umbo la mkono. Nikawekea vidole vipande vya turubai, lile la kufunikia malori, mpira usinibabue tena. Mshono nikaupandisha juu, ukae upande wa kucha."

"Kwa nini upande wa kucha?" nikauliza. Nilikuwa nimeshika kalamu.

"Ukikaa kwenye ncha, kidole hakisikii kitu. Na pale penye matundu ya sindano ndipo maji yanapopenya. Yule fundi wa mjini alikuwa ananipiga rula nikikosea mshono, sisahau." Akacheka. "Si unakumbuka, mwalimu? Ndiyo siku ulipopiga kulia."

Nilikumbuka. Nisingesahau hata nikitaka.

"Na baada ya mechi?" Bwana Fredi akauliza.

Mama Nuru akaanza kuchezea ncha ya khanga. "Jumatatu nikazivaa kwenda kubangua. Siku hiyo sikubabuka hata kidogo. Na korosho zilitoka nzima, maana vidole vilikuwa vinasikia. Zile glavu za mpira tulizokuwa tunapewa ni nene, zinateleza, zinalowa jasho, unaiweka korosho upande, kisu kinakata kiini. Kila mtu alikuwa anazivua. Lakini msimamizi aliponiona akasema, leo golikipa kaja kubangua. Watu wakacheka siku nzima. Nikazivua, nikaziweka juu ya kabati. Ziko mpaka leo."

Mimi nilihesabu kichwani: zilikaa juu ya kabati karibu miaka mitatu, na mpaka daktari alipomkataza alikuwa akienda kubangua mikono mitupu, akirudi jioni nimpake mafuta ya nyonyo huku tukipiga soga. Nikasimama, nikatoka nje, nikaenda kulia nyuma ya ofisi. Niliporudi yeye na Bwana Fredi walikuwa wamekwisha kuelewana kwamba wazo ni glavu za kubangulia, na Mama Nuru alikuwa ameisimamisha ile karatasi ukutani na anaitazama kama mtu mwingine ndiye aliyeiandika.

"Nani mwingine hapa amebangua misimu minane?" Bwana Fredi akawauliza kina mama.

Mikono mitatu ikanyooka.

"Nani kati yenu amefundishwa kushona?"

Ukabaki mmoja.

"Nani anadaka?"

Kina mama wakapiga vigelegele mpaka mtendaji wa kata akaja kuchungulia kama kuna harusi.

Lakini Bwana Fredi hakumruhusu kujaza fomu ya mradi siku ile. Akamwambia hilo bado ni wazo tu, na wazo lazima likapigwe jua. Ashone chache, awape wabanguaji wa kweli siku moja. Na asiwaulize kama wanazipenda. "Watakwambia nzuri kwa sababu wanakupenda wewe. Nyamaza, kaa pembeni, tazama nani anazivua na anazivua saa ngapi."

Jumatano alichukua zile za juu ya kabati kuwa mfano. Akapata mabaki ya turubai kwa fundi anayeshona mahema ya malori barabara ya kwenda Mtwara, mabaki kidogo tu, yakatosha pea sita. Charahani yake ni ya kukanyaga, kuukuu, inalia kama inalalamika, na usiku ule na alfajiri yake nilikuwa naisikia kutoka kwangu. Alifanya na mabadiliko: turubai aliliweka kwenye vidole vitatu tu, dole gumba, cha shahada na cha kati, vile vinavyoshika korosho chini ya kisu. Kwingine kote pamba nyepesi, mgongo wazi, jasho litoke. Mkono wa pili, unaoshika mpini wa mashine ndogo ya kubangulia yenye kile kisu, akauachia pamba tupu.

Alhamisi asubuhi tukaenda kwenye banda la kikundi cha Bibi Zainabu, nyuma ya soko. Bibi Zainabu ni mama wa miaka sitini, mbanguaji tangu enzi za kiwanda kikubwa, na mdomo wake hauna breki. Alivaa glavu moja, akaigeuzageuza.

"Hii nkono wa ntu au wa lori?" akauliza.

"Wa ntu, bibi," Mama Nuru akajibu. "Bangua tu."

Tukakaa pembeni. Sijawahi kupewa adhabu kubwa kama ile ya kunyamaza nusu siku. Saa tatu, sita wote wanabangua. Saa nne, kijana mmoja wa kike anayeitwa Salma akavua. Nikamfinya Mama Nuru. Yeye akatikisa kichwa tu, akaendelea kutazama. Saa nne na nusu Salma akavaa tena, akavua tena, sasa akiwa amekasirika. Nikashindwa kuvumilia, nikataka kusimama kumhutubia, na Mama Nuru akanikamata gauni nikakaa.

"Tazama anashikaje," akaninong'oneza.

Nikatazama. Salma alikuwa anashika korosho kwa mkono wa kulia na mpini kwa mkono wa kushoto. Ni wa shoto. Turubai lilikuwa kwenye mkono usiohusika, na mkono unaobabuka ulikuwa na pamba tupu. Mama Nuru, aliyekaa kwenye mabenchi ya namna ile misimu minane, alijua kila kitu ila hilo, kwa kuwa yeye ni wa kulia na hakuwahi kuwaza. Akaanza kucheka kimyakimya mpaka machozi yakamtoka. Akachukua zile glavu za Salma, akaenda kukaa nje na sindano ya mkono, akafumua turubai la upande huu akalishonea upande ule. Ilimchukua saa nzima. Salma akavaa, akabangua, hakuvua tena.

Saa tisa kazi ikaisha. Mama Nuru akasema, kwa adabu zote, "Jamani, nirudishieni sasa, nikazitazame mshono."

Mmoja akawa anatafuta kandambili zake. Mwingine akasema atarudisha kesho, na kesho yenyewe ni Ijumaa, hawaji kazini. Salma alikuwa ameshatoka kitambo, hata hatukumwona akiondoka. Bibi Zainabu akanyoosha mikono yake, myeupe kwa vumbi la korosho lakini bila kipele hata kimoja, akaitazama mbele na nyuma.

"Zangu zimepotea," akasema, na zilikuwa zimechomoza kwenye mkunjo wa khanga yake tunaziona. "Nenda kashone nyingine. Sisi hapa tupo kumi na nane. Na kikundi cha mtoto wa dada yangu kule Tandahimba wapo ishirini na wawili. Lini unaleta?"

Nilimtazama Mama Nuru. Sitaeleza uso wake, nitasema tu kwamba alifurahi mpaka akasahau kuaga, akatoka bandani kwa mwendo wa mtu anayekimbia huku anajizuia asikimbie.

Tatizo likaja Ijumaa. Turubai lilikuwa limekwisha. Fundi wa mahema hakuwa na mabaki tena, na jipya linauzwa kwa jora zima huko mjini. Alijaribu plastiki ya magunia, ikachanika. Alijaribu ngozi ya viatu, ikawa ngumu, kidole hakisikii. Ikafika jioni ana oda ya watu arobaini, charahani imetiwa mafuta, na hana cha kuweka chini ya sindano. Na kesho yake ni Jumamosi.

Saidi alifika saa mbili asubuhi. Alikuja na Fuso lake tupu, akalisimamisha nje ya uwa, akashuka akiwa amevaa shati la kupigwa pasi. Nilikuwa nimeshafika, nimejipa kazi ya kusaidia kupika chai, ila ukweli nilikuja kupigana kama ikibidi. Alinisalimia kwa heshima, akaingia, akamkumbatia dada yake, akakaa. Mtu mwema kweli. Nilitamani awe mbaya kidogo, ingenirahisishia.

"Mizigo iko wapi, dada?" akauliza. "Nimeweka godoro nyuma, kitanda chako kisikwaruzwe."

Mama Nuru akamwekea chai. Akakaa mbele yake, mikono magotini.

"Kaka, nitakuudhi. Samahani kabla."

"Umebadili nia?"

"Njoo kwanza uone."

Akamwonyesha ile karatasi ya manila, ambayo sasa ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya charahani. Saidi akaisoma yote, taratibu, akitembeza kidole kwenye mstari. Alipofika kwenye "mume alivuka" akatikisa kichwa. Alipofika chini ya mwaka wa wanajeshi, ambapo palikuwa pameandikwa vidonda, vidole vyote, akasimama.

"Hukuniambia hili," akasema.

"Ungekuja kunichukua tangu siku ile."

"Ningekuja."

"Ndiyo maana."

Saidi akaondoa kidole ukutani. Akasema, "Mimi nilidhani nakuja kukuokoa." Na sauti yake ilikatika katikati, mwanaume mzima na shati lake la pasi, nami nikajifanya naangalia sufuria.

"Najua," Mama Nuru akamwambia, akilia na yeye. "Chumba chako nitakuja kulala nikija kutembea. Nitakuja kama dada yako, nimebeba zawadi, siyo kama mzigo wako. Lakini nyumba yangu ni hapa, kaka. Nina watu arobaini wananisubiri. Nikiondoka leo, nimeondoka kwenye kitu ambacho ni mimi tu ninayeweza kukifanya. Sijawahi kuwa nacho kitu cha namna hiyo maishani mwangu."

Chai ikapoa. Mwisho Saidi akapangusa uso, akasimama kama mtu aliyekubali, akatoka nje kwenda kwenye gari lake, nasi tukamfuata hadi uwani.

Hapo Mama Nuru akasimama. Nikaona macho yake yameganda kwenye lori. Yalikuwa yametulia kabisa, hayapepesi. Nayajua macho yale, nimeyatazama miaka sita kutoka kwenye alama ya penalti. Juu ya Fuso la Saidi, limefungwa kwa kamba kuanzia mbele mpaka nyuma, kulikuwa na turubai la kijani, kubwa, kuukuu kidogo, zima.

"Kaka," akasema kwa upole sana. "Huko unakorudi mvua inanyesha?"

Saidi akageuka, akamtazama dada yake, akatazama turubai, akamtazama tena dada yake. Akaanza kucheka, akashika kiuno, akacheka mpaka majirani wakatoka nje kuuliza kuna nini. Kisha akavua lile shati la pasi, akanikabidhi mimi nilishike, akapanda juu ya gari na kuanza kufungua kamba.